Bafu Katika Chumba Changu cha Zamani

Kutoka Kisangani hadi Butembo nilitumia siku kumi na moja. Lori lilikuwa limepakia mafuta ya mawese, na mimi nilikaa juu ya madumu pamoja na abiria wengine, miguu imekunjwa. Karibu na Nia-Nia tulikwama siku tatu kwenye tope. Komanda tukangoja siku mbili nyingine mpaka magari yawe mengi, kwa sababu hakuna dereva aliyetaka kuteremka Beni peke yake, asije akavamiwa njiani. Beni nililala kwa mtu wa ukoo, asubuhi nikapanda pikipiki. Baridi ya Butembo ilinipiga usoni kabla sijaona bati la kwanza, ikaja na harufu ya mikaratusi na moshi wa matofali. Nikalia kidogo nyuma ya mwendesha pikipiki. Yeye alidhani ni vumbi.

Mfukoni nilikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, yenye orodha ya mambo ya kukagua katika bafu jipya. Niliipata Kisangani, kwa mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha ambaye nilimlindia majengo yake kwa miaka miwili. Yule mama hakumlipa fundi wa bafu hata mmoja kabla ya kupita na orodha hiyo mkononi. "Akisha kupata makuta yake," aliniambia, "simu yake haitaita tena." Nilipomuaga niliinakili yote, sijui kwa nini. Nimeishi katika nyumba kumi na mbili na hakuna hata moja iliyokuwa yangu.

Safari yenyewe ilitokana na simu ya dada yangu mdogo, anayeishi na mama. Mama alikuwa ameanguka katika kibanda cha kuogea nje, pale tulipoogea sote utotoni, juu ya jiwe lenye ukoga wa kijani. Nyonga haikuvunjika, ila tangu siku hiyo alitembea na fimbo, na dada akawa anamwogesha kama mtoto. Mama hakulalamika juu ya maumivu. Alilalamika juu ya kuogeshwa. "Nilizaa batoto saba," alisema, "hapana mutu alinivua nguo." Akauza miti yake ya mikaratusi, akaagiza bafu la ndani.

Nilipofika niliingia moja kwa moja kuweka begi langu chumbani kwangu. Hakukuwa na chumba. Pale kilipokuwa kitanda changu hadi nilipomaliza sekondari palikuwa na choo cheupe cha kukaa. Dirisha ambalo nilichungulia kupitia kwalo malori ya kwenda Kirumba yakipanda kilima sasa lilikuwa na vioo vya ukungu.

"Yaya, tulikuwa na chumba kimoja tu chenye hakina mutu," dada alisema; kaka mkubwa kwetu huitwa yaya. Hakuomba radhi, na nadhani hakupaswa kuomba.

Begi nikaliweka sebuleni. Lori lililonileta, ambalo lilibaki Beni, lilikuwa lirudi Kisangani baada ya siku mbili na dereva alikuwa ameniwekea nafasi. Nilikuja kuona mama anaoga peke yake, basi, niondoke.

Kwetu kazi ya nyumba haimaliziki kwa karatasi. Inamalizika kwa kuku. Mwenye nyumba anapika, mafundi wananawa, wanakula, mkuu wao anaomba, anapewa kilichobaki cha malipo yake. Ukisha kula nao kuku wa kumaliza, umekubali kazi. Kurudi kesho na malalamiko ni aibu kubwa kuliko ukuta wenye ufa. Ndiyo maana mafundi wengine hufika siku hiyo na haraka, na njaa nyingi sana.

Mkuu wa mafundi wetu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa miaka hamsini na kitu, suruali imepigwa pasi, na wasaidizi wawili nyuma yake. Walifika kesho yake, na jikoni bukari, ugali wetu, ilikuwa tayari, kuku alikuwa anachemka, na dada alikuwa ameongeza samaki wa Kyavinyonge ili tusionekane wabahili.

"Muone sasa," mkuu alisema. Akaweka pima-maji yake juu ya vigae, katikati ya bafu. Kile kipovu cha hewa ndani yake kikasimama katikati kabisa, hakitikisiki. Akaigeuza upande wa pili, kipovu katikati tena. "Niliweka pavement ya église nzima hivi. Bulle haikimbie hata kidogo. Mama, hii ni meza ya padiri!"

Wasaidizi wakapiga makofi, kwa sakafu ya kanisa na kwa kipovu. Dada naye akapiga. Mimi nikafungua karatasi.

"Muzee, kazi ni nzuri. Tumwage maji."

"Maji ya nini? Chakula iko inapoa."

"Ndoo moja tu."

Niliimwaga karibu na ukuta wa kuogea. Maji yakaenea taratibu, yakasimama. Tundu la kutolea maji lilikuwa kwenye kona ya mbali, na halikupata hata tone. Yalipochoka kusimama yakaanza kutambaa, lakini yalitambaa kuelekea mlangoni, upande wa kitanda cha mama. Nikachukua limau jikoni, nikaliweka sakafuni. Likakaa pale kama limenunua kiwanja.

"Sakafu ya bafu haitakiwi kuwa sawa," nilisema. "Inatakiwa ishuke. Kila mita, sentimita moja na nusu hivi, kwenda kwa tundu."

Mkuu alicheka, akiniita mdogo. "Petit, wewe ulisoma wapi hii? Kwa malori? Maji kidogo inabakia, unapiga raclette mara mbili, inaisha."

Raclette ni ule mti wenye mpira wa kusukumia maji. Mama alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Alitazama maji, akatazama raclette pembeni, akamtazama yule mzee wa kanisa.

"Mimi niiname na hii mguu, nipige raclette?"

"Mutoto wako atakusaidia, mama."

Hapo ndipo alipokosea. Angesema neno lingine lolote, labda tungekula.

"Mutoto kunisaidia, hiyo niko nayo tayari bure," mama alisema. "Miti yangu niliuzia nini?"

"Mama, hata ile église nilijenga..."

"Mu église batu banaogaka?"

Msaidizi mmoja akacheka, akajikohoza haraka. Mkuu hakucheka. Alisema kwamba majirani wameona mafundi wanaingia, kwamba harufu ya kuku imefika barabarani, kwamba familia yetu ilikuwa na heshima tangu zamani. Dada alinivuta mkono. "Yaya, unatutia haya. Wewe utaenda, sisi tutabaki nao mu parokia." Alisema kweli, na mimi nilikuwa nafikiria nafasi yangu juu ya lori. Kama ingekuwa ni mimi peke yangu, nadhani ningekunja karatasi.

Mama aligeuka. Tulisikia fimbo yake ikienda jikoni, tukasikia kifuniko kikigonga sufuria, kisha akarudi.

"Kuku imerudi kwa moto," alisema. "Itangojea. Mutoto, endelea kusoma."

Basi nikaendelea, na sasa kwa sauti. Niligonga vigae kimoja kimoja kwa mpini wa kijiko. Vitatu karibu na mlango vililia kama debe tupu, maana yake chini hakuna saruji ya kutosha. Nilijaza beseni la kunawia hadi juu, nikatandika gazeti kavu chini ya bomba, nikaachia maji yote kwa mara moja. Gazeti likabaki kavu. "Hapa ni kazi safi, muzee," nilisema, na nilimaanisha. Nilitia unga wa bluu, ule wa kufulia nguo nyeupe, ndani ya tangi la choo, tukakaa nusu saa bila kugusa. Bakuli likawa bluu polepole: mpira wa ndani ulikuwa unavuja. Silikoni, ile gundi ya kuziba mianya, kuzunguka choo ilikuwa mbele tu, ambako macho yanafika. Nyuma kidole changu kiliingia. Mwisho nikalishika bomba la chuma la ukutani, lile la mama kushikilia, nikaning'inia na uzito wangu wote. Halikutikisika.

"Bomba niliweka mwenyewe," mkuu alisema, kwa sauti ndogo sasa.

"Inaonekana," mama akamjibu.

Mkuu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akachukua pima-maji yake, akaitazama muda mrefu. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu ambaye maisha yake yote alisifiwa kwa kipovu kusimama katikati, na hakuna aliyewahi kumwaga maji juu ya sifa hiyo.

"Tutavunja," alisema hatimaye. "Kuku isiungue."

Kuku aliliwa na sisi watatu jioni, bila maombi. Lori liliondoka bila mimi.

Nilibaki wiki tatu, nikilala sebuleni juu ya mkeka. Walivunja sakafu yote. Mkuu alifunga uzi kutoka mlangoni hadi kwenye tundu, mita mbili, na uzi ukashuka sentimita tatu. Kipovu kilipokimbilia upande mmoja aligeuza uso, kama mtu anayemwona mwanawe akicheza muziki wa dunia. Saruji na vigae vilipokauka tuliziba tundu kwa kitambaa ndani ya mfuko wa nailoni, tukajenga kizuizi cha udongo mlangoni, tukajaza maji, tukaweka alama ya penseli ukutani. Siku nzima na usiku wake. Asubuhi maji yalikuwa pale pale kwenye alama, na ukuta wa chumba cha mama, upande wa pili, ulikuwa mkavu. Tulipotoa kitambaa yote yalielekea tundu, hata yale ya kona, bila mtu kuyasukuma. Tulitia tena unga wa bluu tangini, na bakuli la choo likakaa jeupe nusu saa nzima. Silikoni ilizunguka mpaka nyuma.

Mama aliweka limau mwenyewe. Likabingirika hadi kwenye tundu. Akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu nikiwa mdogo.

Siku hiyo alipikwa kuku wa pili. Mkuu alinawa, akaomba sala ndefu ambamo alimshukuru Mungu kwa "bale banaotuamusha", akapokea haki yake. Akiwa mlangoni aliniomba karatasi. Nikampa. Nilikuwa nimeshaijua kwa moyo, na sikuwa na bafu.

Niliondoka kesho yake. Lori jingine lilikuwa linaningoja Beni, na pikipiki ilikuwa inanguruma uani. Nilijua sitarudi kuishi pale. Niliomba nimuage mama, dada akaonyesha mlango wa chumba changu cha zamani. Ulikuwa umefungwa komeo kwa ndani.

"Mama, ninaenda!"

"Enda! Niko naoga!"

"Fungua kidogo, nikuone."

"Hapana! Niko naoga, nimesema!"

Dada aliweka mkono mdomoni, akicheka huku machozi yanamtoka. Nilisimama nikiwa nimegusa ubao wa mlango. Nilisikia ndoo ikimwagwa. Kisha nikasikia maji yakiteremka, yakipita mahali ambapo kitanda changu kilikuwa, yakiingia katika tundu hadi tone la mwisho. Nikachukua begi langu.