Hatua Kumi kutoka kwenye Jenereta

Mambo yalikuwa yameshamfika shingoni fundi wa jenereta. Aliyesimama mbele yake dukani alikuwa mteja wa tatu mwezi huo kurudisha jenereta, akidai tangazo lake ni la uongo.

"Uongo uko wapi?" fundi aling'aka, akamwita mpwa wake anayeshona nguo chumba cha pili, akamtupia simu. "Msomee tangazo."

Mpwa akasoma: "Jenereta ya petroli. Inabeba wati elfu mbili mfululizo. Ziada ya mia mbili ni ya sekunde chache tu, friji linapoanza. Tangi ni lita kumi na tano, saa kumi kwa nusu ya mzigo. Ukiwa hatua kumi, unaongea kwa sauti ya kawaida."

"Petroli kweli, wati kweli, saa nimezihesabu mwenyewe. Sasa mnataka niwaandikie nini, shairi?"

"Watoto wangu wanashindwa kulala," alisema mteja.

"Hiyo ya kelele uliipimaje, mjomba?" mpwa aliuliza.

"Niliiwasha, nikaenda hatua kumi, nikapiga soga na jirani. Tulielewana vizuri tu."

"Jirani yupi?"

"Yule wa mashine ya kusaga. Miaka thelathini tuko pamoja hapa."

Mpwa alimtazama kidogo. Jenereta ilikuwa imezimwa, duka lote kimya. Akampa mgongo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mjomba, unanisikia?"

Fundi akamgeukia mteja, amekasirika.

"Umemwona huyu? Nikimweleza la maana, ananigeuzia mgongo na kunyamaza."