Kadi ya Bi Kidole

Katika masjala ya hospitali walimwita Faili, na jina hilo likamfuata hadi nyumbani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akihakikisha kwamba karatasi ya mgonjwa mmoja haiingii katika jalada la mwingine. Alipoanza kuandaa michezo ya mauaji kwa ajili ya sherehe za jamaa, ambapo wageni hujifanya wahusika na kumsaka muuaji wa kubuni, aliiandaa kwa mkono uleule.

Alinieleza utaratibu wake huku akinipangia kadi mezani. Kila jina linadokeza kazi ya mhusika. Bwana Hazina ndiye tajiri, na ndiye anayekufa, kwa kuwa kila mtu lazima awe na sababu ya kutamani kifo chake. Wakili Wosia anajua nani atarithi. Daktari Tone ana chupa za dawa. Bwana Kufuli anashika funguo. Bi Pazia husikia yasiyomhusu, na Bi Kidole ni mwizi. Jina la muuaji halipaswi kupiga kelele kuliko mengine. Katika mchezo alionisimulia muuaji alikuwa Kufuli, na Tone aliwekwa kuwapotosha watu.

"Kutunga majina ni kazi ndogo," alisema. "Kazi ni kujua umpe nani. Mwoga usimpe wakili, maneno yatamfia mdomoni. Na usimpe mtu jina linalogusa kidonda chake. Mwizi mpe yule ambaye hakuna atakayemdhania."

Kwa hiyo Bi Kidole alimpa wifi yake, mke wa kaka yake, mwalimu mkuu anayerudisha hata kalamu iliyosahauliwa ofisini kwake. Bi Pazia alimpa mdogo wake, mshonaji. Bahasha zilifungwa, kila moja ikiwa na jina, maelezo ya mavazi, siri na vidokezo vitatu. Kwa kuwa sherehe ilikuwa ya kaka kustaafu, nyumbani kwake, wifi aliomba azigawe yeye.

Siku nne kabla ya sherehe mshonaji alipiga simu.

"Dada, hata wewe?"

"Hata mimi nini?"

"Umenipa mwizi."

Faili aliniambia kwamba alihisi masikio yanachemka. Miaka mitatu nyuma, hoteli alikofanya kazi mdogo wake kabla ya kushona ilimfukuza kwa mkufu wa mgeni uliopotea. Baadaye mkufu ulipatikana katika begi la mgeni huyohuyo. Hakuna aliyemwomba radhi.

Alimpigia wifi papo hapo.

"Ah, wifi, nilizifungua nikabadilisha mbili," alijibu mwalimu mkuu bila wasiwasi. "Nina gauni zuri la Pazia. Halafu lile jina la Kidole naona linamfaa mdogo wako zaidi. Ni mchezo tu, mbona unapandisha hasira?"

Faili alikata simu. Aliapa kuchoma kadi zote. Kisha akili ya masjala ikamrudia: jina Kidole lilikwishatajwa katika vidokezo vya wageni wengine, halifutiki. Lakini anayelibeba anaweza kubadilishwa.

Jumapili alasiri, sebule ya kaka ilijaa. Mshonaji alikaa karibu na mlango, kadi kifuani, mkoba mapajani kama mtu aliye tayari kuondoka. Faili alipita moja kwa moja hadi kwake, akabandua kadi, akachukua na bahasha. Akavuka chumba na kuibandika kadi kwenye gauni la wifi.

"Umekosea, wifi," mwalimu mkuu alinong'ona. "Wazazi wangu wapo hapa."

"Sikosei majalada. Hii ni yako tangu mwanzo. Lete Pazia."

"Niitwe mwizi mbele yao?"

"Ni mchezo tu. Mbona unapandisha hasira?"

Kaka alianza kucheka, akamtazama dada yake usoni, akaacha. "Mpe mdogo wetu kadi yake," alimwambia mkewe.

Walicheza. Hazina alikufa kabla chai haijapoa. Mshonaji, sasa Pazia, akisoma bahasha aliyoifungua dakika hiyo, aliwabana watu kwa maswali mpaka Kufuli akakiri. Hapo ilibaki zamu ya mwizi, ambaye kwa kanuni husimama na kusema, "Ni mimi niliyechukua."

Wifi alisimama. Macho yake yalikwenda kwa wazazi wake, kisha sakafuni.

"Ni maneno matatu, wifi," mshonaji alisema, si kwa sauti kubwa. "Mimi meneja alinitaka niyaseme mbele ya wapishi wote. Na sikuwa nacheza."

Wifi aliketi bila kuyasema. Hakuna aliyemlazimisha.

Nilipomuuliza Faili kama yeye na wifi waliwahi kupatana, alikusanya kadi, akazigonga mezani ziwe sawa.

"Radhi aliomba, baada ya mwezi. Aliniomba mimi," alisema, na hasira ilikuwa bado mbichi. "Nikamwambia, hata hiyo umeipeleka kwa asiye mwenyewe."