Sampuli Yangu na Kaimati za Shangazi

Nilipoanza kuhariri video sikuwa na mteja, basi kama sampuli nilimrekodi shangazi jikoni kwetu Malindi akikaanga kaimati na kuzichovya kwenye shira ya sukari. Nikaikatakata vizuri, nikaitia mtandaoni. La kuniudhi, waliopiga simu wote walitaka kaimati. Kila mmoja shangazi alimjibu, "Siku mbili, tangu uniambie kila unachotaka. Ukibadilisha, twahesabu upya."

Siku moja akapiga mama wa Kilifi anayejirekodi akipaka watu hina. Alitaka nimharirie video, tena kwa haraka. Shangazi aliponisikia nikisema, "Kesho, inshallah," alininyang'anya simu, akamwambia maneno yake yaleyale. Yule mama akakubali.

Shangazi akanirudishia simu. "Muulize, azitaka na shira ama bila?"