Barua Fupi kwa Mchimba Kisima

Baba alikuwa na Kiingereza cha kuvalia Jumapili. Alikuwa karani wa idara ya maji wilayani mpaka alipostaafu na kurudi Haneti, na barua zake zilikuwa na sifa zake. Sentensi moja ilianza asubuhi ikafika jioni haijaona nukta. Nilipokuwa msichana nilikaa kwenye kigoda pembeni ya meza yake nikinakili rasimu kwa mwandiko mzuri, na kila nilipouliza maana ya neno alifurahi kama nimemletea zawadi. Namkumbuka hivyo, miwani puani, kidole kikifuata mstari. Mara nyingi natamani nipewe tena kazi ile ya kunakili.

Kiingereza hichohicho ndicho nilichokwenda nacho kazini. Nilipata ajira kwenye kambi ya ujenzi wa barabara nje ya Dodoma mjini, niandike ripoti za kila siku na maelekezo kwa wahandisi waliotoka Asia. Kiswahili chao kilikuwa cha salamu tu, na Kiingereza chao kilikuwa kidogo. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa ya kurasa mbili, nami nilijivunia kila koma.

Injinia mkuu, mtu mzima mwenye mvi na haraka zake, aliirudisha baada ya saa nzima. Nilikuwa nimeandika kwamba pampu imeharibika, kwa maneno mawili: "broke down". Alikuwa ametafuta neno la kwanza kwenye simu, akapata kuvunjika. Akatafuta la pili, akapata chini. Kisha akatoka juani na kofia yake, akaizunguka pampu kutafuta kipande kilichovunjika na kuanguka. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuhesabu: "Mimi nasoma neno moja, neno moja. Wewe andika kwa mimi."

Nilinuna siku mbili. Halafu nikaanza kujifunza. Jambo moja, sentensi moja. Kitendo kwa neno moja, si mawili yanayobadilishana maana yakikutana. Kitu nikishakiita pampu, kiendelee kuitwa pampu mpaka mwisho, nisikigeuze mtambo kwenye mstari wa tatu ili nionekane ninajua maneno mengi. Nitaje nani anafanya nini. Ombi likae juu, sababu ifuate. Misemo yote nje. Nikimaliza, nimpe msomaji anieleze alichoelewa, maana kumuuliza "umeelewa?" hakusaidii, kila mtu huitikia ndiyo. Mwanzoni niliona ninaandika kama mtoto wa darasa la tatu. Ukweli ni kwamba kazi ile ilinitoa jasho kuliko kurasa zangu mbili za madaha.

Sasa nirudi kwa baba. Mama alikuwa amefariki miaka minane kabla ya haya ninayoyasimulia. Picha zake zote zilikaa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, na mwaka mmoja mchwa waliingia. Tulipofungua tulikuta udongo. Kilichobaki ni picha ya kitambulisho, mama akiwa mzee na mgonjwa, anaikodolea macho kamera kama mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani. Baba hakutaka hata kuiona.

Jumamosi moja nilikwenda Haneti kumsalimia. Tulikuwa tumemaliza ugali wa uwele na mlenda, naye alikuwa ananawa mikono, akasema bila kunitazama: "Mwanangu, sura ya mama yako inanitoka. Nikifumba macho namwona yule wa hospitali tu."

Baba hakuwa mtu wa kusema mambo hayo.

Kumbe palikuwa na picha moja duniani. Zamani, kabla sijazaliwa, fundi Mjapani alikuja kuchimba kisima kirefu pale kijijini kwa mashine. Alikaa miezi mitatu. Baba ndiye aliyemwandikia taarifa na kumtafutia vibarua, na wakawa marafiki kwa Kiingereza na mikono. Siku maji yalipotoka, fundi yule alimpiga mama picha pale kisimani, na hakuiacha. Tangu hapo waliandikiana kila mwaka. Barua za Mjapani zilikuwa fupi, za maneno yaleyale: mimi mzima, mvua ni nyingi, msalimie mke wako.

"Mwandikie akuletee picha," nikasema.

"Nimemwandikia mara nne tangu mama yako alipotutoka." Sauti yake ilibadilika. "Sijapata jibu. Na kila mwaka ananiambia nimsalimie mke wangu. Mtu anajua nimefiwa, halafu ananiambia nimsalimie marehemu. Moyo gani huo?"

Niliomba nione nakala, maana karani hatupi nakala. Nikasoma ile ya kwanza. Ilianza kwa kumpigia magoti ya heshima rafiki yake mtukufu, ikapita kwenye ukame, mavuno ya alizeti na neema za Mungu, ikamtaja mama katikati ya sentensi ya mistari kumi na moja, kwamba kikombe kile kisichomkwepa binadamu kimepita pia katika nyumba hii, na nguzo yake imetangulia katika safari ambayo sote tu abiria. Ombi la picha lilikuwa ukurasa wa tatu, limefichwa ndani ya "endapo haitakuwa usumbufu". Nitasema wazi, ilikuwa barua nzuri. Nililia nikiisoma. Lakini neno kufa halikuwemo popote, na baba alikuwa amezunguka mbuyu mpaka mbuyu wenyewe ukachoka.

"Baba, huyu hajaelewa," nikasema.

"Hajaelewa nini? Kiingereza hicho kimepita mezani kwa wakuu wa wilaya!"

Tukabishana. Nilimwambia aandike: mke wangu alikufa, sina picha yake, wewe unayo, tafadhali nitumie. Alinitazama kama nimetukana msibani. "Waraka ni nusu ya kuonana," akasema. "Wewe ungeingia nyumbani kwa mtu bila hodi, bila salamu, ukasema nipe? Nimekusomesha ili uniandikie kama polisi?" Hasira zangu nimezirithi kwake, nami nikamjibu vibaya, nikamwambia anaandika ili asifiwe, si ili asomwe. Nikaondoka na nakala ile kwenye mkoba. Njia nzima nilijuta.

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, nilimpa injinia barua ya baba. Sikumweleza kitu; nilimwomba asome, aniambie mwandishi anataka nini. Aliacha wali wake ukapoa. Alitafuta neno moja, neno moja, akipigia mstari kila lililomshinda, mpaka ukurasa wa kwanza ukawa umejaa mistari. Mwisho akanirudishia kwa mikono miwili. "Mtu huyu mgonjwa," akasema. "Yuko kwenye magoti. Nafikiri anataka pesa. Mimi nasikitika."

Jumamosi iliyofuata nilirudi Haneti nikampelekea baba jibu hilo, pamoja na karatasi yenye mistari. Sikutaka kumuumiza, lakini nilimuumiza. Aliihesabu mistari ile kwa kidole, mmoja mmoja.

"Pesa," akasema hatimaye. "Mimi? Nimuombe mtu pesa?"

"Hukuomba, baba. Ndivyo anavyoweza kusoma mtu ambaye Kiingereza chake ni kidogo. Mjapani wako naye yuko mezani na kamusi, ni mzee kama wewe. Huwezi kumpa maneno yote hayo ayabebe."

Akavua miwani, akaifuta kwa shuka. "Salamu zibaki," akasema.

"Zibaki. Sentensi mbili."

"Tatu."

Tukakubaliana tatu. Nilishika kalamu, na kila sentensi nilimsomea kwanza. Rafiki mpendwa. Habari ya afya yako? Mimi ni mzima. Hapo alitulia. Nikaandika inayofuata, nikamsomea: Mke wangu alikufa.

"Weka ametutoka."

"Atauliza ametoka kwenda wapi."

"Basi amepumzika."

"Baba."

Aligeuza uso kuelekea mlangoni. Kwa miaka minane hakuna aliyemsikia akilitamka neno lile, si kwa Kigogo, si kwa Kiswahili. Kwetu marehemu hufariki, hututoka, hutangulia. Wanyama ndio wanaokufa. Nilielewa kwamba sikuwa nasahihisha Kiingereza cha mtu. Nilikuwa namwambia mzee wangu amzike mke wake mara ya pili, na kwa neno lisilo na sanda. Nilitaka kuiacha. Kalamu yangu ilikuwa tayari imeinuka ifute.

"Lete," akasema. Alininyang'anya karatasi, akaandika sentensi ile mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kikarani. Akaweka nukta. Kisha akanirudishia, akagonga karatasi kwa kidole niendelee.

Niliendelea: Alikufa miaka minane iliyopita. Sina picha yake. Zamani ulimpiga picha kisimani. Tafadhali nitumie picha hiyo. Nataka kuona uso wake tena. Barua nzima ilienea nusu ukurasa. Injinia aliisoma Jumatatu bila kugusa simu, akarudia kila jambo bila kukosea. Niliipeleka posta siku hiyohiyo.

Jibu lilifika baada ya wiki saba, bahasha ngumu iliyopigwa mhuri wa kutokunjwa. Sikuifungua mjini. Nilimpelekea baba, naye akaifungua kwa kisu cha jikoni, taratibu, tukasoma pamoja. Kiingereza cha Mjapani kilikuwa chepesi kuliko changu.

"Sasa ninaelewa. Zamani sikuelewa barua zako. Kiingereza changu ni kidogo. Niliona haya kukuuliza. Kwa miaka minane niliandika: msalimie mke wako. Wewe ulisoma hayo. Nisamehe. Jana niliwaambia watoto wangu juu yake. Alinipa maji ya kwanza ya kisima kabla hajanywa yeye."

Ndani ya karatasi mbili nyembamba ilikuwemo picha. Mama amevaa khanga iliyolowa mpaka magotini, ameshika kata, kichwa amekitupa nyuma na mdomo wazi. Hakuwa mama ninayemjua mimi. Alikuwa msichana anayecheka.

Nilimwacha baba na picha yake, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Niliporudi nilimkuta mezani amemwandikia Mjapani jibu yeye mwenyewe, bila rasimu, bila kuniita. Aliniambia nikague kama ipo sentensi ndefu.

Nilisoma. Picha imefika. Ni yeye. Nilikuwa nimesahau kwamba alicheka hivi. Kosa si lako. Asante.

"Hakuna ndefu," nikamwambia.

"Basi nakili," akasema.