Chakula cha Mchana Uani Temeke

Niliwaonyesha wawekezaji kwanza slaidi za safari ya mgeni, za gharama nikaziacha nyuma. Nilifanya makusudi. Ukimwanzishia mwenye pesa na pesa, hasikii tena kitu kingine. Tulikuwa Sinza, kwenye ukumbi mdogo wa gesti iliyo juu ya baa, na huko chini walikuwa wakijaribu spika tangu asubuhi kana kwamba wamelipwa kunikera. Wawekezaji wenyewe walikuwa wawili: mama mmoja mhasibu, mtu wa bara kama mimi, na mzee wa Temeke mwenye magari ya kukodisha.

Nilikuwa nimewatembeza wageni wa kampuni za utalii za watu kwa miaka mingi. Nimewabebea maji, nimewachekea, nimelala kwenye vyumba vya madereva. Safari hii nilitaka iwe yangu. Kazi nilikuwa nimeshaiacha na leseni nimeilipia kwa akiba yangu, kwa hiyo mbele ya wale wawili sikuwa na pa kurudi.

Basi nikawaeleza. Gari linamchukua mgeni hotelini saa moja na nusu asubuhi. Anaanza na msitu wa Pugu kabla jua halijawa kali. Saa saba anafika Temeke, anaketi mkekani uani kwa mwanamke aliyekuwa mama mwenye nyumba wangu nilipokuwa napanga huko, anakula wali wa nazi na samaki, vilivyopikwa na yeye na wenzake watano wa kikoba kimoja cha kuweka na kukopa. Halafu anatembea kwa miguu hadi kwa fundi ngoma, anajifunza kupiga, na anarudi hotelini kabla ya foleni ya jioni.

"Nani atanunua?" mhasibu akauliza.

Nikamwambia: mgeni aliyetoka mbuga za kusini, au anayesubiri kuvuka kwenda Zanzibar. Ana siku moja mkononi na hana la kufanya zaidi ya kukaa kando ya bwawa la kuogelea. Nilikuwa nimeshinda kwenye mapokezi ya hoteli nikiwauliza wenyewe. Nilikuwa pia nimefanya safari za majaribio, wageni watano, mara nyingine sita. Kila nilipowauliza watawasimulia nini wenzao, walitaja pale uani kabla ya msitu, kabla ya ngoma.

Gharama nazo zilikaa vizuri. Gari, mafuta, dereva na kiongozi ni laki tatu kwa siku, aje mgeni mmoja au waje kumi. Chakula, ada ya msitu na malipo ya fundi ngoma ni elfu hamsini kwa kila kichwa. Mgeni analipa laki moja na kumi. Kila mgeni anaacha elfu sitini, kwa hiyo watano wanarudisha gharama na wa sita ndiye faida. Mhasibu alipiga hesabu kwenye simu yake, akatikisa kichwa kukubali. Mzee akasema, "Sawa. Lakini sie hatununui picha za ukutani. Tupeleke."

Nikawapeleka. Msituni mambo yalikwenda vizuri hadi nikaanza kujisikia. Tulipokata kona kuingia mtaani Temeke, dereva akafunga breki. Turubai la bluu lilikuwa limezuia barabara yote, na chini yake viti vimejaa wanaume waliokaa kimya.

Kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwa mwenyeji wangu alikuwa amegongwa na lori alfajiri.

Mama mwenye nyumba akaja kwangu, khanga kichwani, mikono imelowa maji ya mchele. Nyuma yake niliwaona wenzake wote watano kwenye masufuria makubwa, yale yale waliyoyanunua kwa pesa za kikoba kwa ajili ya wageni wangu. Walikuwa wanapikia msiba.

"Mwanangu, leo hamna kitu," akasema. "Nimekupigia, hupatikani."

Kule msituni mtandao hamna. Nikamvuta pembeni. Naandika haya na bado nasikia aibu ya sauti yangu. "Mama, hawa ndio wale wenye pesa. Hakuna hata mmoja anayeweza kutupikia sahani tatu tu?"

Akakung'uta maji mikononi. "Nikakae kwangu nipikie wageni, na mwenzangu mwanawe kalala ndani hajazikwa? Wee umeishi na sie. Usiniulize hivyo."

Wawekezaji hawakulalamika hata kidogo, nilitamani wangelalamika. Mzee alishuka, akawapa watu mkono mmoja mmoja, akaketi turubaini na kuitikia dua. Mhasibu alijitanda khanga ya kuazima akaingia ndani kwa wanawake. Wote wawili walitoa rambirambi. Walifanya kila kitu kama inavyotakiwa, na tulipofunga milango ya gari mhasibu akauliza, kwa upole kabisa, "Hivi kwa mwaka mtaa huu unapata misiba mingapi?"

Nani anajua kitu kama hicho?

"Maana wakala wa utalii wa nje anauza safari miezi kabla," akaendelea. "Mgeni ameshalipa. Asubuhi unamwambia nini?"

Wiki iliyofuata nilirudi Sinza na jibu. Kikundi cha pili cha wanawake, mtaa mwingine, tukilipe laki na ishirini kila siku ya safari kikae tayari, hata kisipopika. Nilijivunia wazo lile kwa muda wa kupandisha slaidi moja. Mhasibu hakuhitaji hata simu. Laki tatu na laki na ishirini ni laki nne na ishirini. Ukigawa kwa elfu sitini, wanatakiwa wageni saba ili kurudisha gharama. "Na majaribio yako yameleta watano, sita."

"Lakini chakula kile ndicho kinachowavuta," nikasema. Nilikuwa nimepandisha sauti.

"Kimewavuta waliokuwa wameshafika," akajibu. "Anayenunua akiwa kwao anaona ratiba na bei tu."

Mzee alikuwa akiangalia meza. Alisema ana jamaa yake mwenye mgahawa Barabara ya Kilwa, unafunguliwa siku zote, na bei atatuwekea ile ile. Chakula kihamie huko, wao watatoa pesa. "Mie mtoto wa Temeke," akaongeza. "Nawapenda wale. Ila msiba sie hatuuachi, unajua mwenyewe."

Nikasaini.

Siku nilipokwenda kumwambia mama mwenye nyumba, alinisikiliza hadi mwisho akiwa anachambua mchele. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama wageni bado watapita pale kwenda kwa fundi ngoma, nikamwambia watapita. Sufuria wameziuza mbili. Nyingine wanazikodisha kwenye shughuli.

Safari inakwenda sasa, mara mbili kwa wiki, na gharama inarudisha. Tunatoka mgahawani tumeshiba, tunapita mtaani kwa miguu, na mlango wake wa uani huwa wazi saa hizo kwa sababu ndio muda wao wa kula. Kila mara akituona huinua mkono ulioshika tonge na kuita, "Karibuni tule!" Anamaanisha. Tungeingia sote kumi, angeomba sahani kwa jirani.

Wiki iliyopita bibi mmoja mzungu alisimama, akatabasamu, akaniuliza yule mama anasema nini.

Nikamwambia anatusalimia tu, tukaendelea na safari.