Kompyuta Darini kwa Mama Dorkas

Mama mkubwa Dorkas wa Bombo hapotezi kitu, na hilo ndilo lililotaka kumponza binti yake. Miaka ile sabuni ilipoadimika na wengine tukafulia majani ya mpapai, yeye alikuwa na mche mzima darini, juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu. Moshi hufukuza wadudu, joto hufukuza unyevu. Gauni langu la harusi lilifuliwa kwa mche ule. Nampenda kwa hilo mpaka leo.

Siku hizi maduka yamejaa kila kitu, hata kompyuta za mtumba, lakini dari lake halijapumzika.

Fortunata, bintiye, ni mwalimu wa shule ya msingi anayesoma shahada kwa masafa. Likizo ya masika alipanda milimani Bombo na kompyuta yake ya kupakata ili amalizie kazi ya somo la Kiswahili. Betri alikuwa akichaji misheni. Mama aliona ukungu unavyoingia dirishani, akaihurumia mashine. Kila Fortunata akitoka, yeye anaifunga kwenye kanga na kuipandisha darini. Fortunata aliona, akanyamaza, maana na yeye amekulia chini ya dari hilo. Jumatatu moja mashine ikachemka, ikazima, haikuwaka tena.

Kazi ilitakiwa Ijumaa. Asiyewasilisha haingii kwenye mtihani, anasubiri mwaka mzima.

Wakateremka mjini Same, mama na mwana, mpaka dukani kwangu, ninapotoa kopi na huduma ya intaneti. Fundi Rodgers wa jirani akaifungua. Feni ilikuwa imejaa masizi yenye mafuta kama sufuria ya kande, na bodi imeungua. Akachomoa diski, akaiunganisha kwa waya na kompyuta yake. Ikasomeka, ila mafaili mengine yaligoma kufunguka.

"Mwalimu, usihifadhi kitu chochote humu," akasema. "Kwanza naikopi diski nzima kwenye nyingine, halafu natafuta kwenye kopi. Hii ya kwako tusiichoshe. Nipe mpaka keshokutwa."

Kwenye flashi ya Fortunata palikuwa na rasimu ya zamani tu, nusu ya kazi.

"Basi mwandikie mhadhiri sasa hivi," nikamwambia Fortunata, "kabla siku haijapita. Ukiandika baada ya Ijumaa utaonekana unatafuta kisingizio."

Akaketi, akaandika. Mama mkubwa, kwenye benchi na mkungu wake wa ndizi, akasema, "Nisomee, mwanangu."

"'Kompyuta yangu imeungua kwa hitilafu ya umeme...'"

"Umeme gani? Kwetu umeingia lini?"

Nikacheka kwa sauti. Fortunata hakucheka.

"Mama, wengi huandika hivyo."

"Mimi ndiye niliyeipandisha. Andika."

"Siandiki!" Machozi yalikuwa yanamlenga. "Sijionei haya mimi, mama. Sitaki mtu wa mbali, asiyekujua, akuone mshamba."

Mama mkubwa akakunjua na kukunja ncha ya kanga yake.

"Basi mwambie nilikuwa naitunza."

Fortunata akafuta, akaanza upya. Barua pepe ilipokwenda, ilikwenda hivi, chini ya jina lake, namba ya usajili na jina la somo:

"Mwalimu, shikamoo. Kompyuta yangu iliharibika Jumatatu kwa masizi na joto. Nyumbani hatuna umeme, tunapikia kuni, na mama yangu aliiweka darini akiitunza isipate unyevu. Fundi ameitoa diski na anainakili kabla ya kutafuta mafaili. Naambatanisha rasimu ya zamani iliyosalia. Naomba niwasilishe Jumatano ijayo. Kisiporudi kitu, nitaandika upya kwa madokezo yangu ya mkono."

Kesho yake jibu likaja. Ameongezewa hadi Jumatano, alete na maelezo ya fundi yaliyosainiwa. Mwishoni mhadhiri aliandika: "Mpe mama shikamoo yangu. Mwambie nimeelewa kwamba alikuwa anatunza."

Fortunata alimsomea. Mama mkubwa akasema "Marahaba" kwa kompyuta yangu, taratibu, akaomba asomewe tena.

Rodgers alipata karibu kazi yote. Sehemu ya mwisho haikufunguka, Fortunata akaiandika upya hapa dukani, akaituma Jumanne, na nakala akajitumia mwenyewe kwa barua pepe. Mtihani aliufanya.

Jibu la mhadhiri nilimchapishia mama mkubwa akaondoka nalo. Nilipopanda Bombo wakati wa mavuno nikamwuliza kama bado analo.

"Lipo," akasema, akanyoosha kidole juu ya mafiga. "Lile nililifunga vizuri."