Mama Tunasikitika

Kazini walimwita Mama Tunasikitika, na hakuchukia. Mhazili wa hospitali kwa miaka kumi na tisa, nani kama yeye kwa kukataa watu? Barua pepe ya muuza dawa: shukrani mstari mmoja, hapana mstari wa pili, sababu moja, basi. Barua ya karatasi: kumbukumbu namba, tarehe, "Yah", aya tatu, sahihi na muhuri, maana hiyo inakaa kwenye faili. Ujumbe wa simu ndio mfupi kuliko vyote. "Kwenye simu hapana itangulie," aliwafundisha wasichana wa ofisini, "watu husoma wakitembea."

Sasa mjuzi huyo, jamani, mbona alijisahau?

Mume wa mdogo wake, mlinzi wa kiwanda cha mikate, aliomba kazi ya utunzaji stoo hapo hospitali. Akakosa. Barua rasmi ingechukua wiki nzima kusainiwa, na mama wa watu akaona vibaya shemeji asubiri gizani. Akamwandikia kwenye simu. Alianza na mistari miwili. Akaona ni ukatili. Akaandika kumi na moja: "Shemeji, hongera, usaili uliufanya vizuri mno, wote wamekusifu..." Akaendelea kusifu, akabembeleza, na chini kabisa akaweka samahani, nafasi kapewa mwingine.

Jibu lilikuja palepale: "Ahsante sana shemeji! Mungu akubariki!" Akashusha pumzi. Kumbe muungwana, kapokea vizuri.

Wiki ikapita. Shemeji akasimama mbele ya meza yake, shati limepigwa pasi, barua yenye muhuri mkononi.

"Shemeji, hawa wamekosea. Si uliniandikia nimepata?"

"Niliandika nini? Hebu lete simu."

Mhazili akaufungua ule ujumbe. Shemeji akasoma mpaka chini, midomo ikichezacheza. Siku ile alikuwa getini, magari yanaingia. Kioo cha simu kilimwonyesha hongera ya juu tu, na hongera ikamtosha.

"Nilimwambia bosi siku ileile," akasema polepole. "Kwamba mikate yake ailinde mwenyewe."

Mhazili akaelewa. Kosa lake, si la mwingine. Akaivuta simu, akamwandikia bosi wa kiwanda kwa niaba yake, kwa adabu zote alizonazo, akiomba mtu arudishwe getini. Wakasubiri. Simu ikalia.

"Hapana. Nimeshaajiri mwingine. Pole."

Ujumbe ulikuwa sahihi kabisa. Mhazili mwenyewe asingeweza kuufupisha hata kwa neno moja.

"Mdogo wako hajui kwamba nimekosa," shemeji akasema. "Ameshawaaga waliompa kibarua cha kufua. Wewe ndiye unayejua kuandika haya mambo. Mwandikie."

Akashika simu. Akaandika "Mdogo wangu", akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho akaiweka mezani, akajifunika uso kwa viganja, akalia mbele ya wasichana wake wote.